Gitaa linalonata na freti zinazoota kijani: kutafuta chanzo kabla ya kusafisha

Gitaa lililonifanya niandike maelezo haya lililetwa katika chumba changu cha kazi, Mji Mkongwe, mwishoni mwa kaskazi, na kijana anayepiga muziki jioni katika hoteli za ufukweni Paje. Lilikuwa gitaa la nyuzi za chuma, ubao wake wa mbele ukiwa wa sprusi, na ubao wa vidole ukiwa wa rozwudi, mti ulio wa ukoo mmoja na mpingo wetu na ambao kwa kawaida huachwa bila vanishi. Kuanzia freti ya kwanza hadi ya tano palikuwa na utando mweusi unaonata. Kandokando ya freti paliota rangi ya kijani. Nyuzi zilikuwa na wiki mbili tu tangu zifungwe, lakini zilikuwa zimeanza kukwaruza vidole na sauti yake imekufa. Pale mkono wa kulia unapoegemea, vanishi ya kiwiliwili ilikuwa imefifia na kulainika.

"Fundi, kila wiki nalisafisha," aliniambia. "Ubao naupaka mafuta ya nazi, na freti nazisugua kwa ndimu, kama tunavyosafisha shaba za nyumbani."

Alisema kweli, na juhudi yake ilionekana. Lakini kila alichokitumia kiliongeza tatizo moja alipokuwa akijaribu kuondoa jingine, kwa sababu hakuwa ametambua uchafu wenyewe ni kitu gani.

Uchafu wa namna mbili

Kinachoganda kwenye gitaa ni mchanganyiko wa mafuta na chumvi. Mafuta hutoka katika ngozi ya vidole, pamoja na chembe za ngozi iliyokufa na vumbi linalonasa humo. Chumvi hutoka katika jasho, na kwa anayepiga karibu na bahari hutoka pia katika upepo. Vitu hivi viwili haviondoki kwa dawa moja. Maji huyeyusha chumvi lakini huteleza juu ya mafuta, ilhali petroli ya kujazia viberiti huyeyusha mafuta lakini haigusi chumvi. Anayepaka mafuta juu ya ubao wenye chumvi huifunika tu, nayo hubaki chini ikiendelea na kazi yake.

Kazi hiyo kwetu Unguja na Pemba haina mapumziko. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75 huyeyuka yenyewe na kuwa maji ya chumvi, hata kama hakuna tone lililomwagika. Katika nchi zenye hewa kavu, chumvi iliyobaki kwenye waya hukauka na kutulia. Hapa kwetu unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi, hasa usiku na wakati wa masika, kwa hiyo waya wenye chumvi hulala umelowa mpaka asubuhi. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa watu wa nchi zenye hewa kavu, unaosisitiza kuulisha ubao mafuta mara kwa mara usikauke, hautufai kama ulivyo. Ubao wa gitaa lililokaa kwenye hewa ya pwani ni nadra sana kukauka. Adui yake ni chumvi isiyokauka.

Dalili: utando mweusi unaonata kwenye ubao wa vidole

Kwanza hakikisha kwamba ni uchafu. Chukua pamba ya masikio, iloweshe kidogo kwa petroli ya kiberiti, uisugue mahali palipo na utando, kisha usugue pamba nyingine mahali pasipoguswa sana, kwa mfano juu ya freti ya kumi na tano upande wa nyuzi nene. Pamba ya kwanza ikitoka na rangi ya kijivu au kahawia yenye mafuta na ya pili ikatoka karibu safi, basi ni uchafu wa mikono. Pamba zote mbili zikitoka nyeusi kwa usawa, yaelekea ubao wenyewe umetiwa rangi kiwandani ili mbao nyepesi ifanane na eboni, jambo la kawaida katika magitaa ya bei ndogo. Ubao wa namna hiyo usisuguliwe sana wala usipakwe spiriti, maana utaichubua rangi na kuacha mabaka yasiyorudishika kwa kusafisha.

Ukiona ndani ya vinyweleo vya mbao kuna kitu cheupe gitaa linapokaa chumba chenye kiyoyozi, kisha kinatoweka ukikigusa kwa kidole chenye joto, hiyo si kuvu. Ni mafuta ya nazi. Mafuta haya huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, na hayakauki kuwa gamba gumu kama yalivyo baadhi ya mafuta ya mbao. Hukaa ubaoni yakinasa vumbi, ngozi na chumvi. Gitaa la kijana wa Paje lilikuwa na dalili hiyo hasa: nililiweka nusu saa mbele ya kiyoyozi, na mistari myeupe ikajitokeza kati ya freti.

Petroli ninayoisema hapa ni ile safi ya kujazia viberiti vya utambi, inayouzwa katika vichupa vidogo, ambayo mafundi huiita nafta. Petroli ya gari haifai, kwa kuwa ina viongezo vinavyobaki ubaoni na mvuke wake ni mbaya zaidi. Nafta hushika moto upesi mno, hivyo kazi hii ifanywe dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, sigara na udi wa kufukiza, na vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje mpaka vikauke kabisa kabla ya kutupwa. Asiyeipata anaweza kutumia spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa, kwa ubao wa vidole usio na vanishi peke yake, kwa pamba iliyonyevuka tu, na kwa uangalifu kwamba hata tone moja lisidondoke kwenye kiwiliwili. Spiriti huyeyusha vanishi ya shelaki papo hapo na huharibu ile ya nitroselulosi. Ubao wa vidole uliopakwa vanishi, kama ule wa mepo wenye rangi ya asali inayong'aa, husafishwa kwa njia ya kiwiliwili na haupakwi mafuta kamwe.

Jinsi nilivyolisafisha gitaa la Paje

Nyuzi zake zilikuwa hazifai tena, kwa hiyo nilizitoa zote. Wapo wanaoogopa kwamba shingo itapinda nyuzi zikitolewa pamoja. Kwa saa moja au mbili gitaa la nyuzi za chuma lililo zima halipati dhara. La msingi ni kulegeza kila uzi taratibu mpaka ulegee kabisa kabla ya kuukata au kuuchomoa, na kuhakikisha kwamba mfupa wa juu ya daraja haudondoki na kupotea, kwa sababu katika magitaa mengine hukaa humo bila gundi. Tundu la sauti nililifunika kwa karatasi ngumu.

Uchafu mzito niliuondoa kwanza bila dawa yoyote. Nilichukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda, nikaipitisha juu ya mbao kuelekea upande mmoja, ikiwa imelala kidogo, na utando ukajikunja mbele yake kama nta. Kadi haikwaruzi rozwudi, ilhali kisu au wembe hukwaruza, hata mkononi mwa fundi. Sikutumia nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Ukali wake ni mmoja wa sababu, lakini kwetu iko ya pili iliyo nzito zaidi: vipande vidogo vya chuma hukatika, hujificha kwenye vinyweleo vya mbao na pembeni mwa freti, na baada ya wiki chache za hewa ya chumvi huwa nukta za kutu ubaoni.

Kisha nikasafisha freti mbili mbili. Nilitia nafta kidogo kwenye kipande cha fulana kuukuu ya pamba, nikasugua kufuata urefu wa nyuzi za mbao, na kwenye pembe ya freti na mbao nikatumia mswaki laini. Mahali palipokuwa na mafuta ya nazi palihitaji kurudiwa mara tatu, kila mara kwa sehemu safi ya kitambaa, mpaka kitambaa kilipoacha kutoka na rangi. Nafta hukauka ndani ya dakika chache na haivimbishi mbao. Inapokauka ubao huonekana umepauka na wenye mavumbi, na hapa ndipo wengi hushtuka na kukimbilia chupa ya mafuta. Kupauka huko ni kwa sababu mafuta ya juu yameondoka. Si ishara kwamba mbao imekauka ndani.

Hatua iliyofuata ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nayo kwetu ndiyo ya lazima: kuondoa chumvi kwa maji. Nilitumia maji ya kunywa ya chupa, kwa sababu visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na hakuna maana ya kuondoa chumvi kwa chumvi. Kitambaa kilikamuliwa mpaka nikikibandika nyuma ya kiganja kikaacha ubaridi bila kuacha matone. Nilipangusa freti mbili, nikakausha mara moja kwa kitambaa kingine, nikaendelea na mbili zinazofuata. Nilipofika mwisho nilirudia tangu mwanzo kwa kitambaa kipya chenye unyevu uleule. Maji kiasi hicho hayafiki ndani ya mbao. Maji yanayotiririka hufika, na yakipenya kwenye mfereji uliopigiliwa freti huweza kuilegeza.

Gitaa likakaa wazi chumbani usiku mmoja. Asubuhi nilitia matone sita ya parafini ya maji kwenye kitambaa, ile isiyo na rangi wala harufu inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya choo kigumu, nikapaka ubao mzima kwa utando mwembamba, nikangoja dakika tano, nikapangusa mpaka kitambaa kikavu kikapita bila kuacha alama. Isichanganywe na mafuta ya taa, ambayo katika baadhi ya vitabu hupewa jina linalokaribiana. Mafuta mengi yanayouzwa kwa jina la mafuta ya limau kwa ajili ya magitaa ni mafuta ya namna hiyo hiyo yaliyotiwa manukato, na nadhani jina hilo ndilo lililowapeleka watu kwenye ndimu. Kwa gitaa linaloishi visiwani, mara moja kwa mwaka inatosha.

Dalili: kijani kwenye freti

Freti nyingi hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Rangi ya kijani ni shaba iliyoliwa na chumvi na asidi ya jasho, sawa na ile inayoonekana kwenye vifundo vya milango ya Mji Mkongwe visiposafishwa. Ulinganisho wa kijana na shaba za nyumbani ulikuwa sahihi kwa upande wa metali. Asidi ya ndimu kweli huyeyusha kutu ya kijani na kuacha shaba iking'aa. Tofauti ni kwamba sinia au kifundo cha mlango husuuzwa kwa maji mengi baadaye, na gitaa halisuuziki. Asidi na sukari ya ndimu hubaki kwenye pembe ya freti na kwenye mbao, asidi ikiendelea kuila metali na sukari ikikusanya vumbi. Ukwaju na siki vina kosa hilohilo.

Ninayoitumia ni raba nyeupe ya kufutia penseli. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za freti ili raba isichafue mbao, sugua kufuata urefu wa freti, na kijani chepesi kitaondoka chote kwa mikupuo kumi au kumi na tano. Dawa za kung'arishia metali nazikwepa. Nyingi zina amonia na unga wa kusaga unaoingia kwenye vinyweleo vya rozwudi na kukauka ukiwa mweupe, na kuutoa humo ni kazi ya siku nzima.

Kijani kikirudi baada ya siku chache mahali palepale, chumvi ilibaki chini ya ukingo wa freti. Rudia hatua ya maji kwa ncha ya pamba ya masikio iliyokamuliwa, kabla ya kurudia raba. Na kama ukipitisha kucha juu ya freti inanasa kwenye kijishimo chini ya njia ya uzi, hapo pameliwa na uzi wenyewe kwa msuguano. Kusafisha hakuna la kufanya hapo. Freti inahitaji kusawazishwa na fundi.

Dalili: nyuzi zinakufa ndani ya wiki mbili

Nyuzi nene za gitaa la aina hii zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa, ama na zinki kwa kiasi cha shaba 80 kwa zinki 20, ama na bati na fosforasi kidogo. Ule wa fosforasi huchelewa zaidi kufifia. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu, na ndizo hupata kutu kwanza. Chembe za ngozi na chumvi zikijaa katikati ya mizunguko ya waya, uzi huwa mzito pasipo usawa na mtikisiko wake huzimika mapema, ndiyo sauti inayoitwa kufa.

Kipime kitambaa chako kabla ya kuilaumu aina ya nyuzi. Wapigaji wengi hupangusa juu tu, ilhali uchafu mwingi hukaa upande wa chini, unaotazama ubao. Kunja kitambaa kikavu kiukumbatie uzi mmoja mmoja, chini na juu, ukivute toka darajani hadi kichwani. Anayepiga ufukweni atumie kwanza kitambaa chenye unyevu wa maji ya chupa, kilichokamuliwa kama nilivyoeleza, kisha kikavu mara moja, maana kitambaa kikavu peke yake husambaza chumvi bila kuiondoa. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Mafuta ya aina yoyote kwenye nyuzi huzuia kutu kwa muda, lakini hujaza mizunguko na kuua sauti upesi kuliko kutu yenyewe, na hudondokea ubaoni. Uzi mwembamba ulioanza kukwaruza kidole haurudi. Sugua sugua haitaponya, na utakwaruza freti kila unapovutwa pembeni.

Kwa magitaa ya nyuzi za nailoni yanayotumiwa na wanafunzi wengi, nyuzi tatu nyembamba hazipati kutu kabisa, na zile nene zenye waya hupanguswa kwa njia hiyohiyo. Petroli na spiriti visizifikie.

Dalili: kiwiliwili kimefifia, kina weupe au kinanata

Hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko mahali pengine pote, kwa sababu mbao ya mbele ya gitaa ni nyembamba, kiasi cha milimita tatu, na vanishi iliyo juu yake ni nyembamba zaidi. Kabla ya kupaka chochote, puliza pumzi ya mdomo juu ya doa kama unavyofanya kwenye kioo cha miwani, kisha pangusa kwa kitambaa laini cha pamba. Doa likiondoka, lilikuwa jasho, na pumzi na kitambaa ndiyo dawa yake. Lisipoondoka, tumia maji ya chupa yenye tone moja la sabuni ya vyombo katika bilauri nzima, kitambaa kikiwa kimekamuliwa, kisha kitambaa cha maji matupu, kisha kikavu. Usipite karibu na ufa wala kwenye ukingo wa tundu la sauti, ambako mbao iko wazi na hunywa maji.

Weupe unaofanana na ukungu wa maziwa, usiokuwa na mguso wowote ukipitisha kidole, na uliotokea siku za masika, huenda ni unyevu ulioingia ndani ya vanishi. Usiusugue. Weka gitaa mahali pakavu pasipo na jua kwa siku kadhaa na mara nyingi utapungua wenyewe. Weupe au ukijani wenye nukta nukta na harufu ya sanduku lililofungwa muda mrefu ni kuvu. Huo upanguse nje ya nyumba, usiuvute puani, kisha tazama ndani ya tundu la sauti kwa kioo kidogo na tochi ya simu, kwa kuwa kuvu ya nje mara nyingi ina ndugu zake ndani, kwenye mbao isiyo na vanishi. Vumbi kavu la ndani hutolewa kwa viganja viwili vya mchele mkavu uliopepetwa: umwage tunduni, utikise taratibu, uumwage nje. Usifanye hivyo ikiwa ndani kuna nyaya za kipaza sauti au ukisikia kitu kinagonga kikiwa kimebanduka.

Vanishi inayonata ina chanzo kingine, na kwenye gitaa la Paje kilinichukua muda kukiuliza. Madoa yalifuata umbo la mkono wa mbele, na hayakuwa kifuani wala mgongoni mwa gitaa, ambako jasho pia hufika. Nikamwuliza kijana anajipaka nini kabla ya kupiga. Akajibu kwamba jioni hujipaka dawa ya mbu. Dawa nyingi za mbu za kujipaka zina deeti, nayo hulainisha vanishi na plastiki. Mafuta ya kuzuia jua nayo huweza kufanya hivyo. Vanishi iliyolainika hivyo haisafishiki. Nilipangusa kwa maji na sabuni kuondoa mabaki, nikaliacha likauke kwa wiki mbili bila kufungwa sandukuni, maana kitambaa cha sanduku kingegandamana nalo, na sehemu kubwa ikawa ngumu tena ingawa mng'ao haukurudi. Kuurudisha ni kazi ya fundi wa vanishi.

Tina ya rangi na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha vanishi nyingi na plastiki ya pembeni ya gitaa. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba hayakosekani na ambayo nimeona yakipakwa gitaa kwa ajili ya kufukuza wadudu, nayo yana nguvu ya kulainisha vanishi na plastiki. Yabaki kwenye jino. Polishi za kupulizia samani zenye silikoni hung'arisha vizuri siku ya kwanza, lakini siku ufa utakapohitaji kuzibwa au vanishi kuguswa upya, rangi mpya haitashika mahali ziliposafiri, na huko huwa mbali kuliko ulikopulizia.

Dalili zisizotokana na uchafu

Ncha za freti zikianza kuchoma kiganja pembeni mwa shingo, hiyo ndiyo dalili ya kweli ya mbao kukauka na kusinyaa, na kwetu hutokea kwa magitaa yanayolala kwenye kiyoyozi mchana kutwa. Kinyume chake, nyuzi zikipanda juu na ubao wa mbele ukivimba nyuma ya daraja wakati wa masika, mbao imekunywa unyevu. Hali zote mbili hazitibiwi kwa kitambaa wala mafuta. Unyevu unaopendekezwa kwa magitaa ya mbao ni kati ya asilimia 45 na 55, na ndani ya sanduku linalofungika vizuri vifuko kadhaa vya jeli ya silika pamoja na kipima unyevu kidogo huweza kulisogeza gitaa karibu na kiwango hicho. Jeli ikishiba ikaushwe, la sivyo ni mzigo tu. Ukiona ukingo wa nyuma wa daraja umenyanyuka kiasi cha karatasi kupita chini yake, legeza nyuzi siku hiyohiyo, na usafi usubiri.

Kijana wa Paje nilimrudishia gitaa lake likiwa na nyuzi za fosforasi, vitambaa viwili vya pamba ndani ya sanduku na kichupa cha maji. Dawa ya mbu sasa anajipaka miguuni tu, na mkono wa kulia anauvika shati la mikono mirefu. Alirudi baada ya wiki tano kwa shughuli nyingine, nikaomba kulitazama: nyuzi nyembamba zilikuwa bado laini chini ya kidole, na kijani kilikuwa kimerudi mahali pamoja tu, ukingo wa freti ya tatu chini ya uzi wa pili, ambako raba na pamba yenye maji vilimaliza kazi kwa dakika tano.